Nondo ngumu, nondo laini: gharama ya nguvu ndani ya chuma

Mchoro wa nyumba ya ghorofa ukishatandazwa mezani, fundi wa nondo huanza kwa kutafuta herufi. Palipoandikwa R8 anajua ni nondo laini ya mviringo, ya milimita 8, ile atakayoikunja kuwa ringi. Palipoandikwa Y12, au T12 kwa wachoraji wengine, ni nondo ngumu ya milimita 12 yenye matuta ubavuni, ya kulazwa ndani ya bimu. Herufi hizo zimebaki Afrika Mashariki tangu enzi za viwango vya Uingereza, na nyuma yake kuna tarakimu mbili ambazo wanunuzi wengi wanaijua moja tu.

Tarakimu inayojulikana ni ya nguvu. Kwa kiwango cha Uingereza cha mwaka 1988, nondo laini ilitakiwa kuhimili nyutoni 250 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kuanza kuvutika moja kwa moja, yaani kuvutika bila kurudi tena. Nondo ngumu ilitakiwa kufika 460. Kwa nondo ya milimita 12, hiyo ni tofauti kati ya kubeba kama tani 2.9 na kubeba kama tani 5.3. Tarakimu ya pili ni ya kunyumbuka, yaani kiasi ambacho chuma huvutika kabla hakijakatika: asilimia 22 kwa nondo laini na asilimia 12 kwa ngumu. Sentimita 10 za nondo laini zilizowekewa alama mashineni hufika sentimita 12.2 ndipo zikatike. Zile za nondo ngumu huenda zikakatika kwenye 11.2.

Nguvu imepanda, kunyumbuka kumeshuka. Na nondo zote mbili ni chuma kilekile, zaidi ya sehemu 97 kwa mia.

Kunyumbuka si anasa. Bimu yenye nondo inayovutika hutoa taarifa kabla ya kuanguka: hupasuka nyufa kwa chini, hupinda katikati, milango iliyo chini yake hukataa kufunga, na waliomo hupata muda wa kutoka. Bimu yenye nondo kavu isiyovutika haitoi taarifa hiyo. Katika tetemeko la ardhi jambo ni lilelile kwa kasi zaidi, kwa kuwa jengo humeza mtikisiko kwa kuacha nondo zake zivutike na kurudi, zivutike na kurudi.

Ili kuelewa kwa nini nguvu na kunyumbuka huvutana, inafaa kutazama kinachotokea chuma kinapopinda. Atomi zake zimepangwa safu juu ya safu, na kupinda maana yake ni safu moja kuteleza juu ya nyingine. Wanafizikia walipopiga hesabu ya nguvu inayohitajika kutelezesha safu nzima kwa mpigo mmoja, walipata jibu kubwa kupita kiasi: metali halisi hukubali kupinda kwa nguvu ndogo mara mamia, pengine maelfu, kuliko hesabu ile. Mwaka 1934 watu watatu, kila mmoja kwa njia yake, walitoa maelezo: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Safu haitelezi yote mara moja. Anayetaka kusogeza zulia kubwa sebuleni halivuti lote. Hukunja kimkunjo upande mmoja, akakisukuma mpaka upande wa pili, na zulia zima likawa limesogea. Ndani ya metali pia kuna mikunjo ya namna hiyo, mistari ambamo safu za atomi hazikukaa sawa, na mistari hiyo ndiyo inayosafiri. Kwa zaidi ya miaka ishirini ilikuwa nadharia. Mwaka 1956 watafiti wa Cambridge waliielekeza darubini ya elektroni kwenye karatasi nyembamba ya alumini wakaiona ikitembea.

Kuanzia hapo mambo mengi hujipanga yenyewe. Kuipa metali nguvu ni kuizuia mikunjo isitembee. Lakini mikunjo hiyohiyo ndiyo inayoiruhusu metali ivutike badala ya kukatika. Kila njia ya kuzuia inatoza kitu, na wahandisi wametumia zaidi ya miaka mia moja kutafuta ile inayotoza kidogo.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuikunja metali ikiwa baridi. Ernest Ransome, mjenzi wa San Francisco, mwaka 1884 alipata hataza ya nondo ya mraba iliyosokotwa kama kamba, na miaka mitano baadaye nondo zake ziliingia kwenye daraja dogo la Alvord Lake katika bustani ya Golden Gate, ambalo lipo hadi leo. Shabaha yake kubwa ilikuwa zege lishikamane na chuma lisiteleze. Lakini kule kusokota kulifanya na kazi ya pili: kuliipa nondo nguvu. Kila mzunguko huzalisha mikunjo mipya kwa mamilioni, na ikishakuwa mingi huanza kukwamana, mmoja unaziba njia ya mwenzake. Nondo za kusokotwa zikiwa baridi zilikuja kuenea duniani kote katika karne ya 20, na majengo mengi ya zamani katika eneo letu yanazo ndani ya nguzo zake.

Jambo hili linaonekana hata kwenye waya mweusi wa kufungia nondo. Ukitoka kwenye bunda ni mlegevu, kwa sababu kiwandani umepashwa moto mwishoni ili mikunjo yake ipungue. Fundi akiuzungusha kwa koleo, mizunguko ya kwanza huenda kwa wepesi, kisha mkono unahisi waya umekaza. Akiongeza mzunguko mmoja au miwili isiyohitajika, unakatika kwenye shingo ya fundo. Hakuna kilichoharibika katika waya ule. Uwezo wake wa kunyumbuka umetumika wote.

Mhandisi Mfaransa Armand Considère ndiye aliyeeleza, mwaka 1885, kwa nini uwezo huo huisha. Nondo inapovutwa, daima kuna mahali pembamba kidogo kuliko kwingine, na hapo ndipo panapoanza kuvutika. Kwa kuvutika hukaza, na kwa kukaza huwaachia jirani zake zamu ya kuvutika. Hivyo nondo nzima hurefuka kwa usawa. Siku ya mwisho ni pale ambapo kukaza hakutoshi tena kufidia wembamba. Mahali pale huendelea peke yake, hujitokeza kiuno, na nondo hukatikia hapo. Kwa hiyo kunyumbuka kunategemea akiba ya kukaza iliyobaki, na nondo iliyosokotwa kiwandani imeshatumia sehemu ya akiba hiyo kabla ya kufika kwenye jengo. Ndiyo maana viwango vya sasa vya Ulaya havitosheki na nguvu peke yake. Nondo za B500A, B500B na B500C zote zina nguvu ya nyutoni 500, lakini zinatofautishwa kwa kiasi cha urefu unaoongezeka kabla kiuno hakijaanza: asilimia 2.5 kwa A, 5 kwa B, na 7.5 kwa C. A kwa kawaida ni waya uliofinywa ukiwa baridi, wa kutengenezea wavu. C ndiyo inayotakiwa kwenye majengo yaliyosanifiwa kunyumbuka sana wakati wa tetemeko.

Nguvu ya kusokota ina udhaifu mwingine: moto huifuta. Nondo iliyokazwa ikiwa baridi ikipashwa mpaka iwe nyekundu, ndani yake huota punje mpya zisizo na msongamano wa mikunjo, na ikipoa inarudi karibu na ulaini wake wa mwanzo. Fundi anayeipasha kwa mkaa ili ikunjike kwa urahisi anapata mkunjo mzuri machoni. Mhandisi aliyepiga hesabu kwa 460 hana habari kwamba mahali pale pamebaki na nusu yake au zaidi kidogo.

Njia ya pili ni kuchanganya. Atomi ya kigeni, iwe kubwa au ndogo kuliko wenyeji, hupotosha safu zilizo jirani nayo, na mkunjo ukifika hapo hujikwaa. Manganizi iliyomo kwenye nondo hufanya kazi hiyo kwa upole: asilimia moja yake huongeza kama nyutoni 30, na kunyumbuka hakupungui sana. Kaboni na nitrojeni ni wakorofi zaidi. Atomi zao ni ndogo kiasi kwamba hazichukui nafasi ya chuma. Hujipenyeza katikati ya safu, na zikipewa muda hutembea. Zinapenda kukaa kwenye mikunjo yenyewe, na zikishakaa huifunga isiondoke.

Tatizo hili lina sura inayojulikana vizuri kazini. Nondo za kuanzishia nguzo zimetokeza juu ya jamvi, zinazuia njia. Mtu anazilaza kwa nyundo au bomba. Wiki kadhaa baadaye nguzo imefikiwa, zinanyooshwa, na moja inalia ikapasuka mahali palepale ilipolazwa. Kulazwa kulizalisha mikunjo mingi, siku za joto zikaipa nitrojeni nafasi ya kuifikia, na nondo ikawa ngumu na kavu kwenye kona ile. Maabara hupima hatari hiyo kwa kuiharakisha: nondo hukunjwa nyuzi 90, hupashwa kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, kisha hurudishwa angalau nyuzi 20. Ikipasuka, haifai. Ni kipimo cha bei ndogo, na ni haki ya mnunuzi kuuliza kama kilifanyika.

Lakini kuchanganya hakutozi kila mara. Shaba ikitiwa zinki asilimia 30 hupata nguvu zaidi na huvutika zaidi kuliko shaba tupu. Sababu iko kwa Considère: zinki huizuia mikunjo isiruke kutoka safu moja hadi nyingine kukwepana, hivyo msongamano hauishi na mchanganyiko huendelea kukaza kwa muda mrefu. Akiba yake ni kubwa. Ndiyo maana maganda ya risasi yalitengenezwa kwa mchanganyiko huo, kwa kuwa kipande kimoja cha bati lazima kivutwe mpaka kiwe kikombe kirefu bila kupasuka.

Na ni maganda ya risasi yaliyoleta njia ya tatu. Alfred Wilm, mtaalamu wa metali katika maabara ya Neubabelsberg karibu na Berlin, aliombwa na jeshi la Prussia atafute mchanganyiko wa alumini utakaochukua nafasi ya shaba hiyo. Mwaka 1906 alikuwa anajaribu alumini yenye shaba kama asilimia 4 na magnesi nusu asilimia. Aliipasha hadi karibu nyuzi 500, akaizamisha ipoe ghafla, kama ilivyofanywa kwa chuma. Ikatoka laini. Inavyosimuliwa, ilikuwa Jumamosi mchana. Vipimo vichache vikafanyika, watu wakaenda nyumbani. Jumatatu kipande kilekile kilikuwa kigumu kuliko kilivyoachwa. Walishuku mashine kwanza. Mashine haikuwa na kosa.

Wilm hakupata maganda ya risasi, na hakujua kwa nini alumini yake iligangamala ikiwa imelala tu mezani. Haki ya kuitengeneza ilichukuliwa na kiwanda cha mji wa Düren, nacho kikaiuza kwa jina la duralumini kuanzia 1909. Muda si mrefu ilikuwa mifupa ya ndege za puto za Zeppelin. Maelezo yalianza kupatikana mwaka 1919 huko Marekani: shaba iliyeyuka ndani ya alumini ya moto, ikanaswa ilipopozwa ghafla, kisha taratibu ikaanza kujikusanya kuwa chembe. Chembe zenyewe zilikuwa ndogo mno kuonekana kwa darubini za wakati ule. Mwaka 1938 André Guinier huko Ufaransa na George Preston huko Uingereza, bila kushirikiana, walizinasa kwa mionzi ya eksirei: vibamba vya shaba vyenye unene wa atomi moja hivi.

Ukubwa wa chembe ndio moyo wa njia hii. Zikiwa changa, mkunjo unazikata na kupita kwa taabu kidogo. Zikikua mpaka haziwezi kukatwa lakini bado zimekaribiana, mkunjo hulazimika kujipinda katikati yake, na hapo nguvu inafika kileleni. Zikiachwa kwenye joto zaidi, kubwa humeza ndogo, nafasi kati yake hupanuka, mikunjo hupita tena kwa raha. Metali imezeeka kupita kiasi. Hii ndiyo sababu mafundi wa ndege huweka baadhi ya ribiti zao kwenye friza: baridi inaisimamisha saa ile ya Wilm, ribiti inapigwa ikiwa laini, kisha inakaza yenyewe ikiwa tayari ndani ya bawa.

Gharama hapa inategemea mtu anasimamia wapi. Alumini ya ndege iitwayo 2024 ikiwa laini kabisa ina nguvu ya kama nyutoni 76 na huvutika asilimia 20 hivi. Ikipozwa ghafla na kuachwa ikaze yenyewe kwenye joto la kawaida, hufika kama 325, zaidi ya mara nne, na bado huvutika karibu asilimia 20. Ikipikwa zaidi kwenye tanuri hupanda hadi karibu 400, na kunyumbuka hushuka kama nusu. Sehemu kubwa ya nguvu ilipatikana karibu bure. Ni ile ya mwisho iliyotozwa kwa ukali. Kwa ngozi ya ndege inayopanuka na kunywea kila inaporuka, wasanifu wengi waliridhika na ile ya katikati.

Nondo nayo hutumia njia hii. Vanadi chini ya sehemu moja kwa elfu, ikiungana na kaboni na nitrojeni nondo inapopoa, huunda chembe ndogo zinazoongeza nguvu kwa makumi ya nyutoni. Nitrojeni iliyokamatwa humo haitembei tena kwenda kufunga mikunjo, kwa hiyo nondo inalazwa na kunyooshwa kwa hatari ndogo zaidi. Kikwazo ni pesa. China ilipokaza kiwango chake cha nondo mwaka 2018 ili kuwazuia watengenezaji waliojipatia nguvu kwa kupiga maji nondo za bei ndogo, viwanda vilikimbilia vanadi, na bei yake ikaruka duniani kote kabla ya kuporomoka tena.

Imebaki njia ya nne, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yenye ungwana kuliko zote. Kipande cha chuma si safu moja ndefu ya atomi. Ni punje nyingi zilizobanana, kila moja ikiwa na safu zilizoelekea upande wake. Mkunjo ukifika kwenye mpaka wa punje hauwezi kuvuka moja kwa moja, kwa kuwa upande wa pili njia imegeuka. Punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi. Eric Hall wa Sheffield mwaka 1951 na Norman Petch wa Leeds mwaka 1953 walionyesha kwamba nguvu hupanda kadiri kipenyo cha punje kinavyopungua, kwa kipimo cha kipeuo cha pili chake. Kwa chuma cha kawaida cha kaboni ndogo, punje za mikroni 25, yaani sehemu 25 za elfu za milimita, hutoa kama nyutoni 220. Zikipunguzwa hadi mikroni 5, chuma kilekile bila kutiwa kitu kipya hufika kama 400.

Ungwana wake uko kwenye gharama. Nguvu inapopanda kwa njia nyingine, chuma huelekea kupasuka kwa urahisi zaidi kinapopigwa ghafla au kwenye baridi. Punje ndogo hufanya kinyume, kwa sababu ufa nao hulazimika kubadili njia kwenye kila mpaka. Kiwandani kazi hii hufanywa kwa kuchunga joto la kufinya: chuma kikipita kwenye rola za mwisho kikiwa hakijawaka sana, punje huvunjwa na kuzaliwa upya zikiwa ndogo, na chembe chache za niobi au vanadi huzizuia zisikue. Inahitaji rola zenye nguvu na vipimajoto vinavyosema kweli. Nayo ina kikomo. Punje zikishuka chini ya mikroni moja, mikunjo haina uwanja wa kusongamana ndani yake. Chuma kinakuwa na nguvu ya ajabu lakini hakina akiba ya kukaza, na kiuno hutokea karibu mara tu kinapoanza kuvutika.

Nondo nyingi zinazouzwa leo zimepata nguvu kwa mchanganyiko wa njia hizi, kwa utaratibu uliobuniwa Liège, Ubelgiji, katika miaka ya 1970. Nondo inatoka kwenye rola ya mwisho ikiwa na joto la nyuzi 950 au zaidi, inapita kwenye mabomba ya maji yenye kasi kwa muda mfupi sana, na ganda lake la nje linaganda likiwa na mikunjo tele, kaboni iliyonaswa na punje nyembamba mno. Kitovu bado kinawaka. Joto lake linatoka nje na kulipika ganda tena, hadi nyuzi 600 hivi, ukavu wa ganda unapungua, kisha kitovu chenyewe kinapoa polepole na kubaki laini. Ganda hubeba sehemu kubwa ya mzigo, kitovu hutunza kunyumbuka.

Utaratibu huu hukaguliwa bila mashine kubwa. Kipande cha nondo hukatwa kwa msumeno, uso wake hupigwa msasa mpaka ung'ae, kisha hupakwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, kazi ya kufanywa maabara kwa glavu na miwani. Baada ya sekunde chache pete ya kijivu iliyokolea hujitokeza kuzunguka kitovu chenye rangi nyepesi. Pete ikiwa na unene sawa pande zote, maji yalifika kote. Ikiwa nene upande mmoja na imekatika upande wa pili, mabomba yaliziba au nondo ilipita pembeni, na nondo hiyo itakuwa ngumu ubavu mmoja na laini ubavu wa pili, hata kama kipimo cha kuvuta kimetoa wastani unaopendeza kwenye cheti.